Maneno Mawili Kwenye Fomu Na. 5

Wanaharakati wa haki za wanawake huelekeza macho yao kwenye mgawanyo wa mirathi, yaani siku ukoo unapoketi kugawa. Baada ya kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yangu mdogo huku Kaagya, nimeamini kwamba sehemu kubwa ya mgawanyo hufanyika mapema zaidi, pale mtu anapojaza orodha ya mali.

Katika mahakama ya mwanzo, msimamizi anazo nyaraka mbili. Ya kwanza ni Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni ya marehemu, ambayo Kanuni za mwaka 1971 zinataka iwasilishwe ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama ikiongeza muda. Ya pili ni Fomu Na. 6, hesabu ya fedha zilizopokewa, malipo yaliyofanywa na mali iliyouzwa au kuhamishwa. Fomu ya kwanza husema marehemu aliacha nini. Ya pili husema msimamizi amekifanyia nini.

Wazee wetu waliniletea rasimu yenye mstari mmoja: "kibanja cha ukoo na nyumba." Kwa mtu wa Dar es Salaam maneno hayo hayana uzito. Kwa Wahaya yana uzito mkubwa, kwa kuwa sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 huruhusu mwanamke kurithi mali nyingine, lakini ardhi ya ukoo huipata kwa matumizi tu, bila haki ya kuiuza, iwapo ukoo una wanaume. Ni kweli kwamba mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory lililoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Lakini Holaria alifika Mahakama Kuu. Binti ambaye hajui kilichoandikwa kwenye orodha hafiki hata kwa karani.

Nilitembea mipakani pamoja na majirani. Tukakuta kwamba kibanja kile ni viwili vilivyoungana: cha juu, chenye makaburi, alikirithi kwa babu, cha chini alikinunua mwenyewe, na hati ya mauziano ilikuwa kwa mjane. Nikaandika mistari miwili, kila mmoja na majirani zake wa pande nne, idadi ya mibuni na namna marehemu alivyokipata. Wazee hawakufurahi. Mmoja aliniuliza kama chuo kikuu ndicho kilichonituma kuvunja ukoo. Nilimwonyesha ile hati, akanyamaza, ingawa sidhani kama alikubali.

Upande wa madeni nao ulikuwa na fumbo lake. Mfanyabiashara mmoja alikuja na karatasi ya daftari akidai magunia ya kahawa ya msimu ujao. Ilikuwa butura: marehemu alipokea 300,000 kahawa ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ambayo aliye na njaa tu huikubali. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo. Hata hivyo fedha zilipokewa kweli, na mjane alilijua jambo hilo. Kwa ridhaa ya warithi niliandika deni la shilingi 300,000, si la magunia. Laiti ningeliacha nje ya orodha, mdai angeingia shambani wakati wa mavuno na kujilipa mwenyewe.

Rambirambi sikuziandika: hazikuwa mali ya marehemu, zilitolewa kwa wafiwa.

Hesabu ya Fomu Na. 6 ilikuwa fupi. Niliingiza 1,900,000 kutoka benki, 640,000 ambazo chama cha msingi kilikuwa hakijamlipa, na 720,000 za kahawa iliyovunwa baada ya kifo, jumla 3,260,000. Nikatoa 410,000 za hospitali, 300,000 za butura, na 150,000 za ada na safari, kila moja na stakabadhi yake. Zilibaki 2,400,000, mjane na watoto wanne wakakubaliana kila mmoja achukue 480,000.

Kibanja cha juu kilikwenda kwa omusika, mwana mkubwa, kama mila inavyotaka, huku nyumba ikibaki makazi ya mjane. Cha chini kiligawanywa kwa watoto watatu waliosalia, mabinti wawili wakiwamo, na alama za mipaka zikapandwa mbele ya majirani wale wale.

Hakimu aliwaita warithi mmoja mmoja, akawasomea hesabu na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Binti mdogo aliomba asomewe tena mstari wa kibanja cha chini, kisha akasaini.