Riba Ipandapo

Msomaji, huenda umepata kusikia watu wakiuliza: ikiwa bei za vitu zimepanda, mbona Benki Kuu nayo yapandisha riba? Je, aliyeelemewa na mzigo huongezewa mwingine? Swali hilo lilikuwa vinywani mwa watu wengi nchini Kenya mwaka 2011, wala halikuwa swali la kipumbavu.

Mwaka ule ukame ulipunguza chakula, na mafuta yalikuwa ghali. Shilingi nayo ilianguka, hata mwezi wa Oktoba dola moja ikawa hainunuliki ila kwa shilingi zaidi ya 100. Ilipofika Novemba, bei zilikuwa zimepanda karibu asilimia 20 kwa mwaka mmoja. Benki Kuu ikaipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi wa Septemba hata asilimia 18 mwezi wa Desemba.

Riba hiyo ndiyo mabenki mengine huifuata. Ikipanda, mikopo huwa ghali. Mfanyabiashara huahirisha kukopa, na mwenye akiba huona afadhali kuiacha benki. Wanunuzi wakipungua, muuzaji hathubutu kuongeza bei. Aliyekuwa akikimbilia dola naye huona faida ya kushika shilingi, nayo ikapata nguvu, na vitu vitokavyo ng'ambo vikapungua bei. Walakini riba haileti mvua. Mahindi yaliyokauka shambani hayarudi kwa amri ya benki. Huzuiwa tu ughali wake usienee katika kila kitu.

Sasa mtazame aliyekwisha kukopa. Jirani yangu, mwalimu, alikuwa ndiyo kwanza amechukua mkopo wa nyumba, shilingi 1,000,000 za kulipwa kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 14. Kila mwezi alilipa kama shilingi 15,500. Mkataba uliiruhusu benki kubadili riba, nayo ikapanda hata asilimia 24. Hesabu mwenyewe: riba ya mwaka ni shilingi 240,000, yaani 20,000 kwa mwezi. Malipo yake ya zamani hayakutosha hata kulipa riba peke yake! Kama angaliendelea nayo, deni lingalikua ijapokuwa hakukosa kulipa hata mwezi mmoja. Ilimpasa kutoa shilingi 22,000 hivi, na mshahara ulikuwa ule ule.

Zile 6,500 zilitoka katika nyama, nguo na nauli za kwenda kwao. Na hapo, msomaji, ndipo dawa ifanyapo kazi: kile alichoacha kununua ndicho kilichomzuia muuzaji asipandishe bei. Naona si haki kamili, kwa kuwa tajiri asiye na deni hakuacha kitu.

Desemba 2012 bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 3 na kidogo tu kwa mwaka. Benki Kuu ilikuwa imeanza kupunguza riba tangu Julai. Jirani yangu alipokwenda kuiuliza benki yake kuhusu malipo yake, aliambiwa asubiri.