Siku niliyoomba mshahara uangaliwe upya

Mara ya kwanza niliomba vibaya. Nilimkuta meneja kwenye korido ya nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Leicester, nikamwambia kodi ya nyumba imepanda na nyumbani Tanga wananitegemea. Akanijibu kwa upole, "Kodi imetupandia sote." Nikanyamaza. Shida zangu zilikuwa za kweli, lakini hazikumwambia lolote kuhusu kazi yangu.

Jioni mume wangu alinikalisha mezani na karatasi zangu za mshahara. Tukazilinganisha na kima cha chini cha sheria hapa Uingereza, ambacho hupanda kila Aprili. Mwaka 2024 kilikuwa pauni 11.44 kwa saa, nami kama mlezi mwandamizi nililipwa 12.44. Aprili 2025 kikafika 12.21, nami nikapandishwa hadi 12.60. Nilikuwa nimefurahi kuongezwa. Kumbe ile pauni moja niliyomzidi mtu aliyeanza kazi jana ilikuwa imebaki peni 39.

Na kazi ilikuwa imezidi. Nilipopitia orodha za zamu za miezi sita, nilikuta usiku 41 ambao msimamizi nilikuwa mimi peke yangu. Wafanyakazi wapya watatu nilikuwa nimewafundisha mimi kugawa dawa. Yote hayo niliyaandika kwenye ukurasa mmoja. Mshahara wa mwenzangu sikuutaja, maana mazungumzo yangemgeukia yeye.

Kisha nikatuma barua pepe fupi: "Naomba nusu saa wiki ijayo, siku itakayokufaa, tuzungumze kuhusu mshahara wangu. Nimeambatanisha ukurasa mmoja ili uupitie kabla."

Siku ilipofika nilimweleza majukumu yaliyoongezeka na tofauti iliyopungua, nikamalizia, "Kwa hiyo naomba nilipwe 13.20 kwa saa." Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Sisi tumelelewa kulainisha ombi, na ulimini nilikuwa na maneno "au chochote utakachoona kinafaa." Ningeyatamka, ningekuwa nimeifuta hesabu yangu yote. Nikayameza, nikasubiri.

Akasema bajeti haiamui yeye, iko makao makuu. Sikubishana. Nilimuuliza, "Nitegemee jibu lini? Na unaweza kunijibu kwa maandishi?" Akataja wiki tatu. Jioni ile nikamwandikia kumshukuru, na kurudia kwa ufupi tuliyokubaliana pamoja na tarehe.

Jibu lilikuja: 13.00 kuanzia mwezi unaofuata, na mshahara utaangaliwa tena Oktoba. Peni 20 sikuzipata. Lakini kwa saa zangu 36 za wiki, peni 40 nilizoongezwa ni pauni 14.40 kabla ya kodi ya serikali, na Oktoba imeshaandikwa. Orodha za zamu naendelea kuzihifadhi.