Mbwa anakula lakini anakonda: ugonjwa wa usubi na mtoto ndani ya nyumba

SEHEMU YA 1: MIWANI YA BOSCO

Mlioniuliza kuhusu mbwa wa mdogo wangu kule Hispania, leo naandika yote kwa mpangilio. Najua wengi wenu mna ndugu Ulaya wanaolea watoto wadogo na mbwa ndani ya nyumba moja, na jambo hili linawahusu.

Mdogo wangu anaishi Valencia na mumewe, binti yao wa miezi tisa, na mbwa wao Bosco mwenye miaka minne. Mwezi wa pili alinitumia picha. Manyoya yalikuwa yametoka kuzunguka macho yote mawili, mbwa anaonekana kama amevaa miwani. Ukimpapasa mgongoni, mkono unatoka na mba kavu kama majivu.

"Dada, nimeshabadilisha sabuni mara mbili," akaniambia.

Nikamuuliza kama anajikuna. Akasema hapana. Swali hilo lina maana, kwa sababu mbwa mwenye viroboto au upele hujikuna usiku kucha. Ugonjwa ninaowaeleza leo mara nyingi hauwashi. Ngozi inaharibika huku mbwa ametulia, ndiyo maana watu wanakawia kuushtukia.

Nikamwambia aangalie masikio na kucha. Kwenye ncha za masikio kulikuwa na vidonda vidogo vilivyokauka, vinabanduka, vinarudi. Kucha zilikuwa ndefu na zimepinda, ingawa Bosco hutembezwa kwenye lami kila siku na lami huzisaga. Hatimaye nikamuuliza uzito. Mwezi wa kumi alikuwa kilo 18. Walipompima kwa daktari wa wanyama alikuwa kilo 15, na chakula alikuwa anamaliza. Nyama za pembeni mwa kichwa, juu ya taya, zilikuwa zimebonyea hadi uso umekuwa kama wa mbwa mzee.

Mbwa anayekula na bado anakonda, ngozi ina mba bila kuwasha, na amekaa nchi za Bahari ya Mediterania: hapo daktari wa kule hakisii sana. Anapima lishmania.

SEHEMU YA 2: MDUDU ASIYEPIGA KELELE

Lishmania ni kijidudu kinachoonekana kwa hadubini tu, na anayekibeba ni usubi. Sasa jamani, usubi si mbu. Ana urefu wa milimita mbili au tatu, rangi ya mchanga, mwili una vinyweleo, na akitua mabawa yake husimama kama herufi V. Hapigi kelele sikioni. Huuma kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Pia hazalii kwenye maji, kwa hiyo kumwaga maji ya ndoo na matairi hakumpunguzi. Mabuu wake hukua kwenye udongo wenye unyevu na taka zinazooza, kwenye nyufa za kuta, mazizi na mashimo ya wanyama. Kule Hispania huanza kusumbua joto linapopanda, kama mwezi wa tano, mpaka mwezi wa kumi hivi.

Baadhi yenu mtasema, "Sisi, huo si ndio kala-azar?" Ni ukoo mmoja, lakini si hali moja. Nilifanya kazi Baringo kabla ya kuhamia nilipo sasa, na wodini tulilaza watoto wa kala-azar wenye matumbo yaliyovimba kwa sababu ya bandama. Kijidudu cha kwetu, cha Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, husafiri hasa kutoka mtu hadi mtu kupitia usubi anayejificha kwenye vichuguu. Cha Mediterania ni ndugu yake, naye amefanya mbwa kuwa ghala lake. Usubi anamuuma mbwa mgonjwa, siku kadhaa baadaye anamuuma mbwa mwingine, au mtoto.

Na jina lake la kisayansi limetokana na watoto wachanga. Charles Nicolle, daktari Mfaransa aliyekuwa Tunis, alikieleza mwaka 1908 kutoka kwa watoto wadogo waliokuwa wagonjwa, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakakikuta kwa mbwa. Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa anahangaika bure.

SEHEMU YA 3: KWA NINI ANAKONDA

Kijidudu hiki huingia ndani ya chembe za kinga zilezile zinazotakiwa kukiua, na kuishi humo. Mwili wa mbwa unatengeneza kingamwili nyingi kupita kiasi, lakini hazikifikii kule ndani. Zinazurura kwenye damu, zinashikana na vipande vya kijidudu, kisha zinanasa kwenye figo, mahali pa kuchujia. Chujio likiharibika, protini inapita kwenye mkojo. Hapo mbwa anakula vizuri na bado anapoteza mwili wake kila anapokojoa.

Ndiyo maana daktari hakuishia kwenye ngozi. Alichoma sindano kwenye tezi iliyovimba nyuma ya goti, akaona vijidudu kwenye hadubini. Damu ikapimwa kingamwili, nazo zilikuwa juu sana. Halafu akapima mkojo, akilinganisha protini na kreatinini. Kwa mbwa, uwiano ukizidi 0.5 figo zinavuja. Bosco alikuwa na 0.9. Kreatinini ya damu ilikuwa bado ya kawaida, maana yake figo zinavuja lakini bado zinafanya kazi.

Mdogo wangu aliona vidonda vya masikio ndilo tatizo kubwa. Daktari alimwambia namba hiyo ya mkojo ndiyo itakayoamua Bosco ataishi muda gani. Ngozi hupona. Figo zilizokufa hazirudi, na mbwa wengi wa ugonjwa huu huuawa na figo. Uvimbe wa ngozi na figo haviendi sambamba pia: mbwa anaweza kuwa na manyoya mazuri huku figo zinaisha.

SEHEMU YA 4: DAWA MBILI, KAZI MBILI

Tiba ya Bosco ilikuwa na dawa mbili, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni sindano ya antimoni, ile jamii ya dawa tuliyowachoma wagonjwa wetu wa kala-azar. Hii inaua vijidudu. Kipimo chake kilikuwa miligramu 100 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, chini ya ngozi, kwa wiki nne. Kilo 15 ni miligramu 1,500, na dawa ile ina miligramu 300 kwa kila mililita, kwa hiyo ni mililita 5 kila siku. Daktari alimfundisha shemeji kuchoma na kubadilisha mahali, kwa sababu sindano hii inauma na huacha uvimbe. Akaambiwa pia mbwa akianza kutapika, kukataa chakula na kuumwa tumbo, asiendelee mpaka amwone daktari, maana dawa hii inaweza kuchokoza kongosho. Zipo familia zinazopewa dawa ya kunywa badala ya sindano, nayo hutapisha, kwa hiyo hutolewa pamoja na chakula.

Ya pili ni alopurinoli. Ndiyo, ileile tunayowapa watu wenye jongo. Kijidudu huichukua kikidhani ni malighafi yake ya kujijenga, kikiitumia hakiwezi kuzaana. Haikiui, inakizuia. Bosco alipewa miligramu 10 kwa kilo, asubuhi na jioni, yaani miligramu 150, ambayo ni nusu ya kidonge cha 300. Hii haiishi na wiki nne. Huendelea miezi sita, mwaka, wengine zaidi. Na ina kasoro yake: inaweza kutengeneza vijiwe kwenye njia ya mkojo, kwa hiyo mkojo hupimwa hata mbwa akiwa mzima machoni.

Namba hizi ni za Bosco, zimepangwa na daktari wake. Msizichukue mkazipigia hesabu nyumbani.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Baada ya wiki sita manyoya ya kuzunguka macho yalianza kurudi, vidonda vikafunga, na uzito ukafika kilo 16 na nusu. Shemeji akauliza, "Si tusimamishe vidonge sasa?" Kwa mgonjwa wetu wa kala-azar tunahesabu siku, dozi ikiisha na hali ikiwa nzuri anaenda nyumbani, na wengi hawarudi. Kwa mbwa si hivyo. Dawa humpunguzia vijidudu mpaka kinga yake iweze kuvidhibiti, lakini kwa kawaida vingine hubaki kwenye uboho na tezi. Ukikatiza mapema, vinaamka. Daktari husimamisha vidonge pale tu mbwa anapoonekana mzima, damu na mkojo ni vya kawaida, na kingamwili zimeshuka sana. Hata baada ya hapo anapimwa kila miezi sita, maisha yake yote.

Mwezi wa tisa Bosco alikuwa kilo 17 na uwiano wa mkojo umeshuka hadi 0.4. Vidonge bado anaendelea navyo.

SEHEMU YA 5: NA MTOTO JE?

Mama mkwe alishauri mbwa auawe kabla hajamwambukiza mjukuu. Ninaelewa hofu yake, lakini tufuate njia ya ugonjwa. Kulambwa na Bosco hakumpi mtoto lishmania. Nywele zake na kinyesi chake pia hapana. Lazima usubi awe katikati. Na usubi wa Valencia hawezi kwisha kwa kumwondoa Bosco, maana mtaa una mbwa wengine na wanyama wa porini. Kinachofanya kazi ni kumzuia usubi asimguse mbwa wala mtoto.

Bosco anavaa mkanda wa shingoni wenye dawa ya deltametrini, na anauvaa hata akiwa mgonjwa, ili usubi asichote vijidudu kutoka kwake. Mkanda mpya huchukua kama wiki moja kufikia nguvu yake, kwa hiyo huvalishwa kabla ya msimu. Jua likizama analala ndani. Mtoto ana chandarua chenye matundu madogo sana, kwa sababu matundu ya chandarua cha kawaida cha mbu humpitisha usubi. Chanjo ya mbwa ipo Ulaya, lakini haiondoi haja ya mkanda.

Mbwa akitibiwa, huwaambukiza usubi kwa kiasi kidogo kuliko asiyetibiwa. Kwa hiyo vidonge vya Bosco vinamlinda mtoto pia. Kama ndani ya nyumba kuna mtu mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na VVU, hilo lisemwe kwa daktari wake mapema.

Kwa mtoto angalieni homa isiyokwisha kwa wiki kadhaa, kupauka, kukonda, na tumbo kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu. Na hili nawaomba mlishike, hasa nyinyi mnaopokea wajukuu na wapwa likizoni. Mtoto aliyekaa Hispania, Italia au Ugiriki akifika kwetu na homa, tutampima malaria kwanza. Ikitoka hasi na homa inaendelea, mwambieni daktari ametoka wapi, mwambieni na kama kuna mbwa nyumbani kwao. Kijidudu hiki huweza kukaa kimya kwa miezi mingi, kwa hiyo hata kama safari ilikuwa mwaka jana, semeni.