Beni: mhasibu wa depo atafuta kazi katika mashirika ya misaada, miezi mitatu mkononi

Depo ya vinywaji ambako mama huyu alifanya kazi ya uhasibu kwa miaka 14 ilifunga milango mjini Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, mji ulipochukuliwa na M23 na mabenki kusimamisha kazi. Alifika Beni na watoto wanne na akiba ya kulipa nyumba miezi mitatu. Ndiyo maana mpango wake wa kutafuta kazi ni wa miezi mitatu, si zaidi.

Mwezi wa kwanza hakutuma barua hata moja. Majirani walimshangaa, lakini alikuwa na sababu. Kabla ya hapo, alipokuwa angali Goma, barua zake mbili kwa mashirika yasiyo ya faida hazikujibiwa, na zote zilisifu namna alivyoongeza faida ya depo. Shirika la misaada halitafuti faida. Pesa yake ni ya mfadhili, nayo imegawanywa mapema: hii ya mafuta ya gari, hii ya mishahara, hii ya dawa, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Fakture ya siku moja baada ya tarehe ya mwisho inaweza kukataliwa, hata kama kitu kilinunuliwa kweli.

Kwa hiyo alitumia mwezi huo kujifunza jedwali la kufuatilia bajeti. Mwenzake wa zamani wa chuo, anayefanya kazi katika shirika dogo la hapa, alimpa mfano. Mafuta ya gari yamepangiwa dola 6,000 kwa miezi 12. Baada ya miezi minne zimetumika 3,500, ingawa zilipaswa kuwa 2,000. Zimebaki 2,500, na kila mwezi zinatoka kama 875. Mwezi wa saba ukiisha, hakuna mafuta tena, na gari la kupeleka maji kambini linasimama. Mhasibu wa depo angengoja mwisho wa mwaka aone hesabu. Mhasibu wa mradi anamwandikia mkubwa wake sasa hivi, ili mfadhili aombwe ruhusa ya kuhamisha pesa kutoka sehemu nyingine. Kuomba baada ya kutumia ni kuchelewa.

Jambo la pili alilosoma ni SYCEBNL. Hiyo ni sheria ya uhasibu ya OHADA kwa vyama, mashirika na miradi isiyo ya faida. Ilipitishwa Niamey Desemba 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, Kongo ikiwa ndani. Hapo miaka yake 14 ilipata thamani tena: anayejua SYSCOHADA ya maduka na makampuni hana njia ndefu ya kufika huko, na mashirika madogo mengi bado yanahangaika kubadilisha vitabu vyao.

Mwezi wa pili ndipo alipoandika tena. Neno faida liliondoka. Badala yake aliandika kwamba alihesabu kese kila jioni, alilinganisha vitabu na benki kila mwezi, na hakununua kitu kikubwa bila bei za wauzaji watatu. Mambo hayo ndiyo mkaguzi wa mfadhili anayotafuta. Matangazo aliyasoma kwenye mediacongo.net na ReliefWeb, na kwenye ubao wa ofisi ya ONEM. Mtu mmoja alimwomba dola 50 ili barua yake "ipande juu ya meza". Alikataa, na alifanya vizuri: mashirika ya kweli hayalipishi anayeomba kazi.

Mashirika makubwa hakuyategemea sana. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake mapema 2025, wahasibu wenye uzoefu wa miaka mingi katika sekta hiyo wamepoteza kazi nao, na wote wanagombania nafasi zilezile. Akaenda kwa mashirika madogo ya hapa, akiomba kazi ya siku chache tu: kupanga vithibitisho vya matumizi kabla ripoti haijaenda. Shirika moja lilimkubali kwa siku tisa. Alikuta fakture za usafiri zisizo na orodha ya waliosafirishwa, akazitenga na kumwonyesha msimamizi, ambaye kwanza alikasirika.

Mwezi wa tatu umebakiza wiki mbili. Mama huyu amefanya mtihani mmoja wa Excel, wa kulinganisha kitabu cha benki na taarifa ya benki kwa saa moja na nusu, na akapata tofauti iliyofichwa: hundi iliyoandikwa mara mbili. Jibu halijatoka. Wakati huohuo, msimamizi yule aliyekasirika amemwita tena, mara hii kwa mkataba wa miezi miwili, nusu ya mshahara aliokuwa akipata Goma. Kodi ya nyumba Beni itatoka humo, karo ya shule bado.