Ndugu Wawili Hawasemezani: Utawaketisha Wapi?

Labda wewe pia ulikwisha kupewa kazi hii. Feti ya jamaa inakaribia, sale imelipiwa, na wakubwa wanakuletea majina ya watu 120 yaliyoandikwa katika kaye ya shule. Wanakuambia, "Pasta, weye utapanga watu ku meza." Kisha mutu mumoja anakuvuta kando na kukunong'oneza jambo ambalo kila mutu analijua: fulani na fulani hawasemezani.

Mara ya kwanza mimi nilifanya vibaya. Acha nikuelezee.

Wandugu wawili wa bibi yangu waligombana mwaka 2011 juu ya nyumba ambayo baba yao aliacha. Mukubwa aliiuza bila kuita wengine, na mudogo alikuwa anakaa ndani pamoja na watoto wake. Mwaka uliofuata, tulipofanya karamu ya kumaliza matanga ya baba yao hapa Likasi, niliwaweka wote wawili ku meza moja. Nilifikiri kwamba wakila pamoja watasemezana. Nia yangu ilikuwa nzuri, lakini sikujua meza ya muviringo ni kitu gani.

Ku meza ndefu unaweza kuweka mumoja huku mwisho na mwingine kule mwisho, nao watamaliza siku bila kuonana sana. Meza ya muviringo haina mwisho. Ile ya watu 10 ina upana wa metre 1,80, basi yule anayekaa mbele yako yuko karibu sana, na unatazama uso wake tangu maji ya kunawa mpaka keki. Ukiwaweka ubavu kwa ubavu, kila mutu ana nafasi ya sentimetre 56 tu, na viwiko vinagusana. Tena, maneno ya meza ile ni ya wote. Wawili wakinyamaza, wale wanane wengine hawajui watazame wapi.

Siku ile watu wanane walikula macho yao yakiwa ku saani. Mudogo aligeuza kiti chake upande. Bibi yake alishika mukoba juu ya magoti, hakuuweka chini. Glasi zao hazikuguswa. Ukiona alama hizo tatu ku meza, usingoje: mutume mutu wa protokoli amwite mumoja wao kwa kazi fulani, na kiti chake kihamishwe. Mimi niliona, nikangoja. Mbele ya bukari kufika, mudogo alisimama akasema anaenda kuangalia motokari yake. Hakurudi. Mama mukwe wangu aliuliza mara tatu, "Mutoto yangu iko wapi?" na hakuna mutu aliyemujibu.

Basi mwaka 2016, mutoto wa dada yao alipoolewa, mama mukwe alimutuma bibi yangu kwangu. (Mimi na yeye hatusemi mambo mengi uso kwa uso, ni mukwe wangu, na desturi ni desturi. Hata ku meza moja naye siwezi kukaa.) Aliomba kitu kimoja: awaone watoto wake wote katika sale ile, mpaka mwisho.

Nilichukua karatasi, nikachora sale. Upana ulikuwa metre 12. Meza ndefu ya bibi-arusi na bwana-arusi ilikuwa ku ukuta wa mbele, na mbele yao meza 12 za muviringo, safu 4 za meza 3. Kati ya meza na meza niliacha metre 1,60. Watu wanaona hiyo ni nafasi ya bure, lakini mutu aliyeketi anachukua karibu nusu metre nyuma ya meza, na yule anayempa mugongo anachukua nusu metre nyingine. Inabaki nafasi ndogo ya mutoto mwenye kubeba saani. Ukibana zaidi, viti vinagongana mutu akisimama, na kwa watu wenye hasira kiti kilichogongwa ni tusi.

Mama nilimuweka kwanza, ku meza ya katikati ya safu ya mbele. Yaya akaenda meza ya kushoto, mudogo meza ya kuume. Kwa hiyo kati yao kulikuwa meza nzima ya wazee, na karibu metre 7. Lakini umbali peke yake hautoshi. Ku meza ya muviringo nusu ya watu wanapa arusi mugongo, na kila mutu anajua kiti kizuri ni kile kinachotazama mbele. Niliwapa wote wawili viti vya kutazama mbele. Hivyo hawakupeana mugongo wala kutazamana. Kila mumoja angemuona mwenzake akigeuza shingo tu. Na mama, akitazama kushoto anaona mumoja, akitazama kuume anaona wa pili.

Majuma mawili mbele ya arusi nilienda kwa kila mumoja, peke yangu, nikamwambia mahali pake na mahali pa mwenzake. Usifiche jambo hilo. Mutu anayeshitukia adui yake mulangoni hurudi nyumbani. Wote wawili waliniuliza neno lile lile: "Na nani atakaa karibu na mama?" Nilijibu, "Hakuna mutoto hata mumoja. Dada zake wawili." Yaya alinyamaza kidogo, akasema, "Kama ni vile, nitakuya." Mudogo alisema, "Pasta, miye nakuya juu ya mama tu, hapana juu ya ule mutu." Nikamwambia hiyo inatosha.

Kando ya yaya niliweka mjomba wake mumoja ambaye anamuheshimu. Kando ya mudogo niliweka kambo mwenye utani, kwa maana mujukuu hawezi kukasirikia kambo anayemuchekesha. Wake zao walikaa nao. Watoto wao wakubwa niliwaacha wachague, na walienda wenyewe ku meza moja, nyuma karibu na bafle, wakicheka. Ugomvi ule haukuwa wao.

Hatari ilibaki kwenye chakula. Kama wote wanaenda ku bife, hao wawili watakutana ku foleni na saani mukononi. Kwa hiyo safu ya mbele ilihudumiwa ku meza. Wasichana wawili wa protokoli walitoka wakati mumoja, na limonadi zilikuwa chupa 10 huku na chupa 10 kule. Usicheke! Nilipita, nikasikia shemeji mumoja akihesabu. Hata hivyo kosa lilipatikana: kushoto walipeleka kuku, kuume samaki. Nilikimbia jikoni mimi mwenyewe, na kuku ikafika kuume mbele ya neno kutokea.

Kitu ambacho sikupanga ni picha. Mupiga picha aliita kwa sauti, "Jamaa ya mama, wote!" Nilishika kichwa. Walikuja. Mumoja alisimama kushoto ya kiti cha mama, mwingine kuume, kama vile walivyokuwa wameketi. Hawakusalimiana. Mama alishika mukono wa huyu na mukono wa yule mpaka mupiga picha alipomaliza, na hata baadaye hakuwaachilia haraka.

Picha ile iko ukutani kwake. Mambo ya nyumba bado hayajakwisha. Hayo yanangoja kikao cha wazee, bila keki na bila bafle. Lakini mwezi wa kumi na mbili kuna arusi nyingine, na juzi yaya alinitumia mutu kuuliza kama sale itakuwa ile ile, na kama meza yake itakuwa ya kushoto tena.