Jina Likifutwa, Mtu Bado Anaonekana



Mwaka huu ninaandika tasnifu ya kumalizia masomo ya falsafa, na mada yangu ni uhuru wa dhamiri. Vitabu vinaueleza uhuru huo vizuri. Katiba ya nchi yetu nayo, katika ibara ya 19, inataja waziwazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Lakini nilitaka pia kuwasikiliza watu waliopita njia hiyo wenyewe. Nimepanga kuwahoji watu 12: sita walioingia Kanisa Katoliki wakitoka dini nyingine, na sita waliolihama.

Kabla ya kumhoji hata mmoja, mtafiti hupeleka maombi kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Kamati haiulizi kama mada inapendeza. Inauliza nani anaweza kuumia, ataumiaje, na mtafiti atafanya nini ili asiumie. Sehemu nyingi za fomu nilizijaza jioni moja. Sehemu ya hatari na usiri ilinichukua wiki tatu, na ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu mambo yake yanawahusu pia makatekista, waandishi wa habari za parokia, na yeyote anayependa kukusanya shuhuda za wongofu.

Frateri mwenzangu aliniona nimeinamia karatasi siku kadhaa, akauliza, “Si unaondoa majina tu, basi?” Ndivyo wengi tunavyodhani. Nilimjibu kwa mfano wa mtu niliyemtunga, nikamwita Z.

Z ni mama, muuguzi wa zahanati, binti wa mwalimu wa madrasa, aliyebatizwa katika Mkesha wa Pasaka miaka miwili iliyopita kwenye kigango kimoja cha vijijini. Sasa tuandike sentensi moja ya tasnifu bila jina lake: “Mshiriki, muuguzi aliyekulia katika familia ya mwalimu wa madrasa, alibatizwa usiku wa Pasaka.” Inaonekana salama. Hebu tuhesabu. Tuseme usiku ule walibatizwa watu wazima wanane. Kati yao wanawake ni watano. Waliotoka katika Uislamu ni wawili. Muuguzi ni mmoja. Tumemfikia Z kwa hatua nne, na hatukuhitaji jina. Kila aliyekuwa kanisani usiku ule anaweza kuhesabu hivyo hivyo. Asiyekuwepo anaweza kuuliza, maana kwa kanuni ya 788 ya Sheria za Kanisa majina ya wakatekumeni huandikwa katika kitabu maalumu.

Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo sasa naliona ndilo kiini cha maombi yote. Mtu wa mbali hamjui Z, kwa hiyo hata angepewa habari zake zote asingemdhuru. Anayeweza kumtambua ni wa karibu: dada, shemeji, jirani, mwanajumuiya. Na ndiye huyo huyo mwenye uwezo wa kumuumiza. Kwa hiyo, ninapopima kama maandishi yangu yanamficha mtu, nawaza kwamba anayeyasoma ni dada yake, si profesa wa chuo kingine.

Na maumivu yenyewe ni ya namna gani? Fomu haikubali neno “unyanyapaa” likaachwa hivyo hivyo, inataka ulifungue. Kwa Z, tuseme mama yake mzazi anajua, baba hajui. Katika mirathi ya Kiislamu tofauti ya dini ni kizuizi cha kurithi, basi habari ikivuja anaweza kukosa fungu lake la shamba. Anaweza kukosa pia nafasi ya kumuuguza baba, kukaa na watoto wa kaka yake, kualikwa harusini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofika polisi, lakini ndiyo maisha yake.

Sisemi haya ili kuwanyooshea kidole ndugu zetu Waislamu. Upande wa pili wa orodha yangu una mtu mwingine wa kutunga, Y, mwalimu wa shule inayomilikiwa na parokia. Moyoni ameshalihama Kanisa na husali kwingine katikati ya wiki, lakini Jumapili bado anaonekana kwenye benchi kwa sababu ana watoto watatu wa kulisha. Anayemwogopa Y ni mwajiri wake, na mwajiri wake ni sisi. Nilipoandika habari za Y niliona wazi kwamba nisingeweza kumwomba paroko anitafutie washiriki, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Akiniletea Y, tayari amemjua. Wala daftari la wakatekumeni sitalifungua, kwa kuwa liliandikwa kwa ajili ya sakramenti na walioandikwa humo hawakuulizwa habari za utafiti.

Njia niliyoichagua ni ya kupeana karatasi. Mshiriki wa kwanza nampa vikaratasi vitatu vyenye namba yangu na maelezo mafupi. Akimfahamu mwenye historia kama yake, anampa kikaratasi. Hanitajii jina la mtu huyo, na mimi sitamweleza kama mtu huyo alinipigia au la. Njia hii ni ya polepole. Huenda nikaishia na watu tisa badala ya 12, na nimeiambia kamati hivyo.

Kisha kuna vitu vidogo vinavyosaliti. Kawaida mshiriki hutia sahihi fomu ya ridhaa. Lakini kwa Z, fomu yenye sahihi ndiyo karatasi pekee duniani inayosema kwamba alizungumza nami kuhusu kuacha dini ya wazazi wake. Karatasi iliyokusudiwa kumlinda ndiyo inayomweka hatarini. Kwa hali kama hiyo kamati inaweza kuruhusu ridhaa ya mdomo: namsomea maelezo yote, anauliza maswali, anakubali kwa sauti, nami naandika tarehe na namba yake ya siri, kwa mfano M4. Nimeomba ruhusa hiyo, na sababu nimeieleza kwa aya nzima, maana kamati haipendi kuona sahihi inaondolewa kirahisi.

Nauli nayo. Mshiriki hurudishiwa nauli, na wengi wetu tungetuma kwa simu bila kufikiri. Ukituma kwa M-Pesa, ujumbe unaingia kwenye simu yake ukiwa na jina langu kamili, na simu za nyumbani mara nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Mume akiuliza frateri huyu anakutumia fedha za nini, Z atajibu nini? Nauli nitaitoa taslimu, mkononi. Ujumbe wa WhatsApp sitautuma kabisa, kwa sababu maneno ya mwanzo huonekana juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa.

Sauti nitairekodi kwa kinasa sauti kisicho na mtandao. Simu nyingi hupeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, mwenye simu akiwa amelala. Nikishaandika mazungumzo na kuyahakiki, sauti inafutwa, kwa kuwa sauti ya mtu ni kama uso wake. Orodha inayounganisha namba M4 na mtu halisi itakaa peke yake, mbali na mazungumzo, katika faili lenye nywila. Mshiriki akitaka kujitoa ana siku 30 baada ya mahojiano, na siku hizo zikipita orodha inaharibiwa. Baada ya hapo hata mimi sitaweza kuchomoa maneno yake, na lazima aambiwe hivyo kabla hajaanza kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa zinazofichua imani ya dini ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo uangalifu huu si hiari yangu.

Palipobaki pagumu zaidi ni mimi mwenyewe. Watu wakimwona frateri huanza kusema kama wapo kwenye kiti cha maungamo. Lakini mimi si padri, na siri ya kitubio inayolindwa na kanuni ya 983 hainihusu. Ninachoweza kutoa ni usiri wa mtafiti, nao una mpaka. Mtu akinieleza kwamba kuna mtoto anayeteswa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za namna hiyo atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mpaka huu nitautaja mwanzoni, kwa maneno mepesi, kabla ya kuwasha kinasa sauti. Kumwacha mtu amwage moyo wake halafu ndipo umweleze mpaka ni kumtega.

Pia nimejiwekea sharti kwamba mahojiano hayatakuwa safari ya kumrudisha kondoo. Mtu akinisimulia alivyoliacha Kanisa, sitamjibu, sitamsahihisha, wala sitamwalika kwenye semina. Mwenzangu mmoja aliona sharti hili ni kuuficha wito wangu. Mimi naona aliyekuja kuhojiwa hakuja kuhubiriwa, na nikimhubiria nimemdanganya kuhusu sababu ya kumwita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dignitatis Humanae ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba katika mambo ya dini mtu asishurutishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Shuruti huweza kuwa ndogo kama mtu kushindwa kunyanyuka kitini kwa heshima ya kanzu. Ndiyo maana sitavaa kanzu siku hizo, na hatutakutana ofisi ya parokia.

Katika kuandika, Z atakuwa “mwajiriwa”, si muuguzi. Baba yake atakuwa “mtu wa dini”. Pasaka itaondoka, utabaki “ubatizo akiwa mtu mzima”. Sitambadilisha awe mvuvi wa Mafia ili nimfiche, kwa maana huo ni uongo na msomaji ataufikiria kama kweli. Nitapunguza, sitabuni. Ikiwa hadithi haisimami bila maelezo yanayomtaja mtu, basi itabaki nje ya tasnifu, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Swali la mwisho la fomu linauliza nani mwingine ataziona taarifa. Seminarini tunafundishwa kuwa wazi mbele ya walezi wetu, na ni sawa. Lakini iwapo mlezi akiniuliza, “Yule mwalimu wetu ulizungumza naye?” jibu langu lazima liwe moja kwa kila jina: siwezi kusema nimezungumza naye, wala siwezi kusema sijazungumza naye. Nikikanusha kwa wengine na kunyamaza kwa mmoja, nimeshamtaja. Niliandika barua fupi ya kuambatisha kwenye maombi, ikisema kwamba uongozi wa seminari hautaniuliza majina na mimi sitayatoa. Nikampelekea Padri Gombera. Aliisoma mara mbili, akauliza kama barua hiyo inamhusu na yeye. Nikamwambia inamhusu, Baba. Akachukua kalamu akatia sahihi.