Namsihi Apokee

Hapa Kiboko, kando ya Barabara ya Mombasa, jua likiwaka maji ya bomba hutoka yakiwa vuguvugu bila kuombwa. Ndiyo maana nilicheka Januari, binamu yangu aliponipigia kutoka Lyon: hita ya maji imekufa siku tisa, anaoga kwa sufuria.

"Si wewe ulisoma Kifaransa? Niandikie huyo mwenye nyumba."

Nilikisoma mwaka mmoja na nusu, kisha karo ikaisha. Lakini niliandika.

Malalamiko yenyewe yalikuwa rahisi: tarehe hita ilipozima, tarehe alizopiga simu, na kifungu cha 6 cha sheria ya tarehe 6 Julai 1989, kinachomtaka mwenye nyumba kutunza vifaa vilivyo kwenye mkataba. Itumwe kwa rejista, yenye risiti ya kupokelewa.

Kilichonitoa jasho ni mwisho. Ukifungua na "Madame", "Madame" huyo lazima arudi ndani ya salamu. Halafu kuna mtego ulioniponza chuoni: ukianza "Dans l'attente de votre réponse", yaani nikingoja jibu lako, usifuatishe "veuillez agréer", tafadhali pokea. Hapo itakuwa yeye ndiye anayengoja. Anayengoja ni mimi, basi mtenda awe mimi: "je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées." Nakusihi upokee salamu zangu za heshima.

"Namsihi?" binamu akafoka. "Na vile amenigandisha?"

Aliitia sahihi hivyo hivyo, akiwa na glavu.